Nati haiongezi nyama: kukaza breki za dramu na kusoma shuu iliyokwisha

Gereji yangu iko Mombo, pale barabara ya Soni na Lushoto inapoanza kupanda. Pikipiki ninazotengeneza ni zile zile za kila siku: Boxer, TVS, na hizi za Kichina zenye injini iliyoigwa kwa Honda CG 125. Zinapanda na abiria, zinashuka na magunia ya kabichi. Na swali ninaloulizwa kuliko yote, kwa simu na kwa mdomo, ni hili: "Fundi, breki nimeikaza juzi tu, mbona leo haishiki tena?"

Nimeandika makala haya ili nisilijibu tena nikiwa nimelala chini ya pikipiki. Jibu lenyewe ni fupi. Kukaza breki ni kufidia nyama iliyolika. Nati unayoizungusha nyuma ya gurudumu haiongezi nyama. Inasogeza tu ile iliyobaki iwe karibu na dramu. Nyama ikiisha, unaweza kuizungusha nati mpaka uzi wote uishe na pikipiki isisimame. Wengi wakifika hapo hutafuta ujanja, na ujanja huo ndio unaoumiza watu. Nitaufikia.

## Unachokikaza ni nini hasa

Ndani ya habu ya gurudumu kuna duara la chuma, ndilo dramu. Ndani ya dramu zimekaa shuu mbili zenye umbo la mwezi mchanga, mgongoni zimegandishwa ile nyama ngumu ya kijivu. Upande mmoja shuu zimeegemea pini isiyosogea. Upande wa pili zimeibana kamu, kipande cha chuma bapa kama kidole kilicholala. Ukikanyaga breki, fimbo au waya unavuta mkono mdogo ulio nje, mkono unaizungusha kamu, kamu inazipanua shuu, nyama inasugua dramu. Ukiachia, springi mbili zinazirudisha shuu ndani.

Basi. Hakuna mafuta ya breki, hakuna pampu. Kwa kila milimita ya nyama inayolika, kamu inalazimika kuzunguka zaidi kidogo ili shuu ifike kwenye dramu, nawe unaliona hilo kama pedeli inayozama zaidi.

## Kabla ya spana, soma mshale

Chuchumaa upande wa breki. Kwenye shina la kamu, chini ya ule mkono mdogo, pikipiki nyingi zina kibati chenye ncha kama mshale. Kwenye kava ya breki, jirani na hapo, kuna alama: mstari, pembetatu ndogo au kipande kilichoinuka. Mara nyingi vyote viwili vimefunikwa na tope, ndiyo maana watu wanaendesha miaka bila kujua vipo. Futa kwa kitambaa chenye maji.

Sasa mwambie mwenzako akanyage breki kwa nguvu, kama anayesimama kweli, wakati wewe unautazama mshale.

- Mshale ukiwa bado mbali na alama, nyama ipo. Kaza, uendelee.
- Ukiwa umekaribia, panga kufungua ndani ya siku chache uone kwa macho.
- Ukigusa alama au ukiipita, usikaze. Badilisha shuu.

Utaniuliza: "Mshale wangu umekatika, au fundi aliufunga vibaya, nitajuaje?" Swali zuri, kwa sababu mshale unasema kweli pale tu ulipofungwa kwa usahihi. Kama huuamini, fungua gurudumu. Ni kazi ya nusu saa.

## Kukaza breki ya nyuma

Fanya kazi hii breki ikiwa baridi. Hili nalitilia mkazo kwa sababu ya mlima wetu. Kijana anashuka kutoka Lushoto, anafika chini pedeli imezama, anatoa spana pale pale na kukaza. Breki imezama kwa sababu dramu imepata moto na kutanuka, ikazikimbia shuu. Ukiikaza katika hali hiyo, dramu ikipoa inanywea na kuzibana shuu, na kesho asubuhi gurudumu linazunguka kwa shida. Subiri hadi uweze kuweka kiganja kwenye habu bila kukitoa.

Jambo la pili: anza na cheni. Ukikaza cheni unarudisha gurudumu nyuma, kava ya breki nayo inarudi nyuma, na fimbo ya breki inavutika kana kwamba umekanyaga kidogo. Aliyekaza breki kwanza na cheni baadaye anaondoka na breki iliyoshika bila yeye kujua.

Baada ya hapo:

1. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, gurudumu la nyuma liwe hewani, gia iwe huru.
2. Bonyeza pedeli kwa mkono, si kwa mguu. Pima inashuka kiasi gani kabla hujasikia shuu zinagusa. Huo ndio mchezo. Pikipiki nyingi ndogo zinataka milimita 20 hadi 30 kwenye ncha ya pedeli. Kama huna rula, ni upana wa kidole gumba na kidogo zaidi. Kitabu cha pikipiki yako kikisema vingine, fuata kitabu.
3. Zungusha nati iliyo mwisho wa fimbo nusu mzunguko kwa wakati. Ukiitazama kutoka nyuma, kuelekea inakozunguka mishale ya saa unapunguza mchezo.
4. Kila baada ya nusu mzunguko, sukuma ule mkono mdogo mbele kwa kidole kisha uuachie. Nati hiyo ina bonde usoni linalokaa juu ya pini ya mviringo. Ikiachwa imepanda ukingoni mwa bonde, itateleza yenyewe njiani na mchezo utabadilika.
5. Zungusha gurudumu kwa mkono. Litembee mizunguko kadhaa bila kuvutwa. Mkwaruzo mwepesi wa hapa na pale si neno. Kinachokatazwa ni gurudumu kusimama mara tu unapoliachia.
6. Angalia taa ya breki. Iwake shuu zinapoanza kugusa, si kabla, wala isiendelee kuwaka baada ya kuachia pedeli. Swichi yake ina nati yake ndogo. Zungusha nati, usiizungushe swichi yenyewe ukazikata nyaya.

Kisha endesha kilomita mbili tatu bila kuigusa breki ya nyuma zaidi ya lazima, simama, na usogeze kiganja karibu na habu. Ikiwa ya moto, umekaza kupita kiasi. Rudisha nusu mzunguko.

Wapo wanaopenda breki "ya karibu", pedeli ikiguswa tu ishike. Nawaelewa, lakini mchezo ukiondolewa wote shuu zinasugua mchana kutwa. Zinaungua, uso wake unang'aa kama kioo, na breki ile uliyoitaka kali inakuwa butu. Na mafuta ya petroli unayachoma bure.

## Kukaza breki ya mbele

Hapa kuna waya badala ya fimbo, na sehemu mbili za kurekebisha: skrubu ya juu kwenye leva ya mkononi, na nati mbili za chini karibu na gurudumu. Kosa la kawaida ni kuimaliza ya juu kwanza kwa kuwa ipo karibu na haihitaji spana. Siku waya ukilegea njiani, huna pa kukazia.

Irudishe skrubu ya juu ndani karibu yote, acha nyuzi chache. Fanya marekebisho makubwa chini, kisha malizia kidogo kwa juu. Mchezo kwenye ncha ya leva uwe milimita 10 hadi 20, yaani upana wa kidole kidogo cha mkono. Ukimaliza, geuza usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia hadi mwisho, huku gurudumu likizunguka. Breki ikishika upande mmoja, waya umepita njia mbaya au umebanwa, na hakuna kukaza kutakakoponya hilo.

Utazame waya wenyewe. Vuta leva uone pale unapoingia kwenye kichwa chake. Uzi mmoja tu uliokatika unatosha kuubadilisha, maana zilizobaki zinabeba mzigo wa wenzao nazo zitafuata.

Kuna jambo moja la mbele ambalo mafundi wengi hulisahau. Ukilifunga gurudumu, kaza nati ya ekseli kidogo tu, zungusha gurudumu, shika breki ya mbele kwa nguvu, na huku umeishikilia ndipo uikaze nati kabisa. Kwa njia hiyo kava inajiweka katikati ya dramu na shuu zote mbili zinagusa pamoja. Nimewahi kuiponya breki "dhaifu" kwa hilo peke yake, bila kubadilisha kitu. Nyuma nako inafaa, mradi unaye wa kukukanyagia pedeli.

## Ule ujanja wa kusogeza jino

Sasa tufike kwenye ugonjwa wenyewe. Nati imefika mwisho wa uzi na pedeli bado inazama. Fundi wa haraka anafungua bolti ya mkono mdogo, anauchomoa kwenye shina la kamu, anausogeza nyuma jino moja, anaurudisha. Ghafla fimbo ina nafasi tena, breki "imerudi", na mteja analipa akiwa na furaha.

Mwaka mmoja, msimu wa kabichi, alikuja kijana wa bodaboda.

"Shikamoo fundi. Nikazie breki ya nyuma, abiria wananisubiri."

"Marahaba mwanangu. Imekazwa lini mara ya mwisho?"

"Juzi. Na wiki iliyopita. Fundi wa kule juu aliisogeza, ikawa nzuri, sasa imezama tena. Tena jana ilifanya kitu cha ajabu: niliikanyaga ikabaki imeshika, nikashuka nikaipiga teke ndipo ikaachia."

Hiyo ya teke ndiyo iliyonifanya niweke chini spana ya kumi nikachukua ya ekseli. Kwenye ncha ya shina la kamu kuna nukta iliyogongwa, na kwenye mkono mdogo kuna nukta nyingine. Kiwandani hufungwa zikitazamana. Za huyu kijana ziliachana meno mawili. Mkono wenyewe, breki ikikanyagwa, ulikuwa umelala mbele kabisa badala ya kufanya pembe mraba na fimbo.

Tukafungua. Nyama ya shuu mpya za pikipiki ile ina unene wa milimita 4 hivi, na haitakiwi kushuka chini ya 2. Shuu ya kwanza nilipoipima sehemu iliyolika zaidi ilikuwa na 1.6, ya pili 1.8. Dramu yake ikiwa mpya ina kipenyo cha milimita 110. Kwa venia nilisoma 110.8. Piga hesabu: shuu mbovu zaidi imepoteza milimita 2.4, na dramu imepanuka 0.8, yaani 0.4 kila upande. Kwa hiyo shuu ile ililazimika kusafiri karibu milimita 2.8 zaidi kuliko siku ilipokuwa mpya. Kamu ni kipande kidogo bapa. Haina safari hiyo ya kutoa. Ili kuifikia ilibidi izunguke mpaka ikaribie kusimama wima kati ya shuu. Ikisimama hivyo, springi zinaibana kutoka pande zote mbili sawasawa, hazina tena upande wa kuilazia. Breki inabaki imeshika. Teke lake ndilo lililoilaza.

Nilimwonyesha kamu kwa kidole: hivi imelala, hivi imesimama. Kisha nikamuuliza ingekuwaje kama ingesimama vile kwenye kona za chini ya Soni, abiria nyuma na lori mbele. Hakujibu. Akampigia simu mwenye pikipiki kuhusu hela ya shuu. Tajiri hakufurahi, nami nilisikia maneno yake vizuri tu, lakini alituma.

Kwa hiyo:

- Nukta mbili zitazamane kila wakati.
- Breki ikikanyagwa kwa nguvu, mkono mdogo na fimbo vifanye pembe mraba au vibaki nyuma yake kidogo. Mkono ukiipita pembe mraba, nguvu ya mguu wako inapotea njiani.
- Ukimwona fundi anachomoa mkono ule bila kufungua gurudumu, muulize anafanya nini.

Pingamizi nalijua: "Fundi, nina safari moja tu leo, nisogezee nifike, kesho nitanunua." Siwezi kukuzuia. Ila safari hiyo iwe ya tambarare bila abiria, na nukta zirudi mahali pake jioni ile ile, kwa sababu ukiziacha hivyo kisha ukauza pikipiki, umemwachia mwenzako mtego.

## Kufungua na kupima kwa macho

Legeza nati ya kukazia mpaka mwisho kabla ya kuchomoa gurudumu. Dramu iliyolika huacha ukingo kama mdomo wa sufuria, na shuu zikiwa zimepanuka zinang'ang'ania pale. Nyuma, fungua pia ile fito inayozuia kava isizunguke, na uitunze kotapini yake usije ukaisahau.

Vumbi lililomo ndani usilipulize, si kwa mdomo wala kwa kompresa. Shuu za bei rahisi zinaweza kuwa na asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Futa kwa kitambaa kilicholowa maji ya sabuni, kisha kitupe.

Ukiwa nazo mkononi, angalia haya:

- Unene. Pima pembamba kuliko pote, si katikati tu. Huna venia? Milimita 2 ni nafasi mbili ndogo za rula. Ikifika hapo badilisha zote mbili, kamwe si moja.
- Gundi. Pitisha ukucha kwenye mstari ambapo nyama imekutana na aluminiamu. Ukiona ufa au ukucha ukiingia, tupa, hata kama nyama ni nene. Nyama ikibanduka gurudumu likizunguka, inajikunja kati ya shuu na dramu na gurudumu linajifunga ghafla. Shuu bandia zina tabia hii.
- Rangi. Nyama nzima ni ya kijivu kavu. Ikiwa nyeusi na inateleza, imekula grisi. Ikiwa inang'aa, imeungua.
- Springi. Zikiachiwa, pete zake zigusane bila mwanga kupita. Zilizovutika hazirudishi shuu, na breki inaburuta.
- Dramu. Ndani yake au kwenye habu kumechapwa namba ya kikomo, kwa kawaida milimita moja juu ya kipenyo cha awali: 111 kwa ile ya 110, 131 kwa ile ya 130. Pima mahali pawili, kama msalaba. Vipimo vikitofautiana, dramu si duara tena, na ndiyo sababu pedeli inakupiga mguuni kama moyo ukikaribia kusimama. Kwa gurudumu la spoki, spoki zilizokazwa vibaya zinaweza kuivuta dramu hivyo. Rekebisha spoki kwanza kabla ya kwenda kwa mtu wa leti.

## Breki inayolia

Kelele si zote sawa, na watu hukosea kwa kuzitibu zote kwa msasa.

Kelele ya asubuhi baada ya mvua, inayokwisha ukisimama mara tatu nne, ni kutu nyepesi kwenye dramu. Iache.

Mlio mwembamba, mrefu, unaokuja ukiwa mwendo wa pole karibu na kusimama, mara nyingi ni vumbi lililojaa au nyama iliyong'aa. Fungua, futa, kisha kwangua uso wa nyama kwa msasa wa namba 80 au 100 ukiwa umeulaza juu ya kitu tambarare, mpaka mng'ao uondoke wote. Dramu nayo ipitishe msasa kwa kukatisha, si kwa kuzunguka nayo. Halafu chukua tupa na ulaze kidogo ncha mbili za kila nyama, zisiwe na kona kali. Kona hiyo ndiyo inayochokonoa dramu na kutetemesha shuu. Hata shuu mpya nyingi zinahitaji kazi hii ya dakika mbili, na ndiyo sababu mteja anarudi akisema "mpya zinalia kuliko za zamani."

Mkwaruzo mnene wa chuma kwa chuma, krrr, ni jambo jingine. Nyama imekwisha na shuu yenyewe inachimba dramu. Kila unapoikanyaga breki hiyo unageuza bei ya shuu kuwa bei ya habu nzima. Simama, usukume.

Na kama inalia baada ya kusafisha kila kitu? Angalia kamu. Shina lake likikauka au kulegea kwenye tundu, shuu zinacheza na kutetemeka. Lichomoe, lisafishe kutu, paka grisi ya kuhimili joto, nyembamba kama unavyopaka mafuta ya midomo: kwenye shina, kwenye uso wa kamu, na kwenye pini ya upande wa pili. Grisi inayomwagika ikipata moto itaishia kwenye nyama.

## Nyama ipo, lakini haishiki

Huyu ndiye mteja mgumu, kwa sababu mshale unasema shuu nzima na mguu unasema hapana.

Grisi kwenye nyama ndiyo ya kwanza kuishuku. Mara nyingi imetoka kwenye beringi iliyoshindiliwa grisi kupita kiasi, au kwa fundi aliyeipaka kamu kwa ukarimu. Hapa kuna desturi moja ya gereji zetu naipinga kabisa: kumwagia shuu petroli na kuziwasha moto "zikaushe mafuta." Uso unakauka kweli, unasimama vizuri siku mbili. Ila mafuta yamenyonywa ndani, na joto la breki litayatoa tena; na moto ule umeilegeza gundi. Shuu iliyolowa grisi inatupwa, na chanzo cha grisi kinatafutwa.

Pili ni mguso. Paka chaki kwenye nyama yote, funga gurudumu, kanyaga breki kidogo huku mwenzako analizungusha mara kadhaa, kisha fungua. Chaki ikiondoka kipande kidogo tu cha katikati au upande mmoja, shuu inagusa hapo peke yake. Kama ni mpya itakaa sawa kwa siku chache. Sugua kwa msasa pale palipogusa ili kuisaidia. Kama ni ya zamani, huenda imepanda juu ya ule mdomo wa dramu, au kava haikukaa katikati.

Tatu ni maji. Ukivuka dimbwi refu, au ukitoka kuosha pikipiki kwa mashine ya maji, breki ya dramu inapoteza nguvu karibu yote kwa muda. Tembea pole, kanyaga kidogo bila kuachia kwa mita mia hivi, mpaka usikie imeanza kukamata. Fanya hivyo kabla ya kuingia barabara kuu.

Nne ni joto, na hapa spana haisaidii. Ukishuka mlima mrefu mguu ukiwa juu ya pedeli muda wote, dramu inatanuka, nyama inaungua, na unapofika kona ya mwisho huna kitu. Shuka na gia ya pili, uache injini izuie, na breki uikanyage kwa vipindi: kaza, achia, kaza, achia, mbele na nyuma pamoja. Gia unayohitaji kupandia ndiyo ya kushukia.

## Ukifunga shuu mpya

Zifunge springi kwanza kwenye shuu zote mbili mezani, zikunje kama kitabu kilicho nusu wazi, ziweke kwenye pini na kamu, kisha zibonyeze zilale. Jilinde vidole. Rudisha nati ya kukazia nyuma kabisa, maana shuu mpya ni nene. Watu husahau, wanalazimisha kava kuingia na kuzivunja kona za nyama. Nukta zitazamane, mshale uwe mbali na alama. Kisha kaza upya kwa utaratibu ule ule wa juu.

Siku mbili tatu za kwanza breki itakuwa hafifu kuliko unavyotarajia. Usiikaze kwa hasira. Simama mara nyingi kwa upole, bila mzigo mzito, na baada ya siku hizo pima mchezo tena, kwa sababu nyama mpya hukaa haraka mwanzoni na pedeli itakuwa imeshuka.

Kabla hujaondoka gereji, inama uangalie ile fito inayozuia kava ya nyuma: nati imekazwa, kotapini mpya imo na ncha zake zimekunjwa. Fito hiyo ikichomoka, kava inazunguka na gurudumu, fimbo inapindika, na kila ulichokifanya asubuhi nzima kinaishia kwenye spoki.